Chokaa na Ukoga kwenye Jagi la Blenda

Ukungu mweupe unaoganda ndani ya jagi la blenda ni chokaa. Utando wa kahawia unaonata chini ya visu ni mafuta yaliyochanganyika na mabaki ya vyakula. Uchafu huu wa namna mbili hukaa mahali pamoja, tabaka juu ya tabaka, lakini hautolewi na dawa moja. Chokaa huyeyushwa na kitu kichachu, na mafuta huondolewa na sabuni na maji ya moto kiasi. Siki ikimiminwa juu ya mafuta haifiki kwenye chokaa iliyo chini yake. Sabuni nayo, hata ikisuguliwa kutwa, haiyeyushi chokaa. Ndiyo maana kuna majagi yanayooshwa kila siku kwa uangalifu mkubwa na bado yana weupe usiotoka.

Chokaa hiyo huletwa na maji yenyewe. Mvua inapopenya ardhini hubeba kaboni dayoksaidi ya hewani na ya udongoni, hivyo maji hupata uchachu mdogo unaotosha kuyala mawe ya chokaa polepole. Sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, ambayo ni chokaa, na visima vingi vya Unguja huchota maji yaliyokwisha kupita humo. Maji hayo yanaweza kuwa maangavu kabisa, kumbe yamebeba kalisiamu iliyoyeyuka. Tone likibaki kwenye jagi na kukauka, kaboni dayoksaidi hurudi hewani na kalisiamu hurudi kuwa jiwe, yaani kalisiamu kaboneti, kitu kilekile kinachofanya ganda la yai. Birika huota magamba mapema kwa sababu moto huharakisha mabadiliko hayo. Jagi la blenda halichemshwi, kwa hiyo chokaa yake hujengeka tone kwa tone kila linaposuuzwa na kuachwa na majimaji. Huanzia pale maji yanapopenda kutuama: kuzunguka kitako cha visu, kwenye kona ya chini, na katika mfereji mwembamba ambamo mpira hukaa.

Wakazi wengi wa pwani huyaita maji ya namna hii maji ya chumvi, na jina hilo hufunika vitu viwili tofauti. Maji yaliyoingiliwa na bahari huacha chumvi ya kawaida, ambayo hutoka kwa kusuuza tu kwa maji baridi. Maji magumu huacha chokaa, na chokaa haiondoki kwa maji, hata yakiwa ya moto. Kuna pia utando wa kijivu unaotokana na sabuni ya mche: sabuni hiyo hukutana na kalisiamu ya maji magumu na kufanya mabonge laini yasiyoyeyuka, ambayo hushika kuta za jagi na kunasa mafuta. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haifanyi hivyo kwa kiasi hicho, na kwa nyumba inayotumia maji ya kisima ndiyo inayofaa blenda.

Kabla ya kuanza kazi inafaa kuhakikisha kwamba weupe unaoonekana ni chokaa kweli. Jagi la plastiki lililosuguliwa kwa waya wa sufuria huwa na mikwaruzo midogo mingi inayofanana sana na ukungu wa chokaa. Vyote viwili hupotea jagi likiwa na maji na hurudi likikauka, kwa hiyo kulitazama tu hakutoshi. Kipimo chake ni rahisi. Sehemu ndogo ya jagi kavu huoshwa kwa sabuni na kufutwa, kisha kipande cha kitambaa kilicholowa siki hubandikwa hapo kwa dakika 10, halafu husuuzwa na kukaushwa. Sehemu hiyo ikibaki angavu katikati ya weupe, ule weupe ni chokaa na utatoka wote. Isipobadilika, plastiki imekwaruzika au imepasuka nyufa ndogo ndogo, na hakuna siki wala ndimu itakayoirudisha ilivyokuwa.

Mfano wa jagi moja utaonyesha jinsi kazi inavyokwenda. Ni jagi la kioo la lita 1.5, lenye visu vinavyofunguka kwa kuzungushwa kitako, katika nyumba inayotumia maji ya kisima. Asubuhi hutumika kwa juisi ya embe au pasheni, na mchana kwa nazi na nyanya. Chokaa imepanda kama sentimita 3 kutoka chini. Mpira uliokuwa mweupe umegeuka manjano, una vidoa vyeusi ukingoni, na jagi likifunikwa usiku kucha hutoa harufu ya tui lililochacha. Hakuna kipande kilichoharibika bado. Kinachotakiwa ni kuvitenganisha na kukitendea kila kimoja kwa dawa yake.

Kazi huanza kwa kuchomoa waya wa blenda kwenye umeme na kulitoa jagi juu ya mota. Jagi hugeuzwa chini juu, na kitako huzungushwa kinyume cha mwendo wa saa kwa mtazamo wa anayekitazama kutoka upande wa kitako. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa chokaa iliyoingia kwenye hesi, ile mikato ya kufungia, hushika kama saruji. Kukiparaza kitako kwa koleo au kukigonga huvunja plastiki. Njia salama ni kudondoshea siki ya vuguvugu kwenye mshono wa kitako na jagi hadi izunguke pote, kusubiri dakika 20, kisha kujaribu tena kwa mkono uliofungwa kitambaa kikavu. Kikikataa, siki hurudiwa. Mara ya pili au ya tatu huachia. Visu hutolewa kwa kushikwa kwenye sahani yake ya chini, si kwenye makali, na mpira hubanduliwa kwa ncha ya mpini wa kijiko. Ncha ya kisu huuchana, na mchano usioonekana leo utavujisha juisi kesho.

Mafuta hutangulia. Jagi la mfano wetu hutiwa maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji, na kuachwa dakika 15. Maji yanayochemka hayatumiwi: kioo kinene kilichokuwa baridi hupasuka ghafla kikikutana nayo, na plastiki hujipinda. Baada ya hapo kuta husuguliwa kwa dodoki au sponji laini, na kona za chini kwa mswaki wa zamani. Waya wa sufuria na mchanga havina nafasi hapa, kwa sababu kila mkwaruzo unakuwa makao mapya ya chokaa. Alama ya kwamba mafuta yametoka ni jinsi maji yanavyotembea: yakimiminwa kwenye ukuta safi hutandaa kama shuka jembamba, na penye mafuta hujikusanya matone matone. Matone yakionekana, sabuni hurudiwa. Mafuta ya nazi huganda karibu na nyuzijoto 24, kwa hiyo mahali penye baridi kama Lushoto au Mbeya sabuni ya maji baridi huyasukuma huku na huku tu bila kuyatoa.

Jagi sasa liko tayari kwa kitu kichachu. Siki nyeupe ya kawaida huwa na asidi ya asetiki ya kiasi cha asilimia 5. Nusu kikombe, yaani mililita 125, ikichanganywa na kiasi kama hicho cha maji ya vuguvugu, ina nguvu ya kuyeyusha gramu 5 hivi za chokaa kama itaachiwa muda wote inaoutaka, na hiyo ni zaidi ya inayopatikana kwenye jagi la kawaida. Kwa jagi lisilo na kitako, mdomo wa chini huzibwa kwa kurudisha kitako na mpira wake kwa muda, au kuta hufunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa mchanganyiko huo. Njia ya kitambaa ni bora kwa chokaa iliyopanda juu, kwani siki hukaa mahali palipokusudiwa badala ya kutuama chini.

Inapogusa chokaa, siki hutoa viputo vidogo. Hiyo ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye jiwe linapoyeyuka. Viputo vikiwa vingi, chokaa bado ipo. Vikikoma ilhali weupe ungalipo, ama nguvu ya siki imekwisha ama kuna mafuta yaliyosahaulika. Dakika 30 hutosha kwa ukungu mwepesi. Ganda nene linaloshikika kwa ukucha huhitaji saa 1 au 2, na siki mpya katikati. Mtu mwenye haraka hujaribu kulikwangua ganda hilo, lakini uvumilivu hulipa zaidi: tabaka la juu likiyeyuka, lile la chini hulainika na kutoka kwa kitambaa.

Maji ya ndimu hufanya kazi hiyohiyo. Ndimu 3 au 4 zilizokamuliwa na kuchujwa hutosha kwa kitako cha jagi, ingawa nyama ya ndimu isipochujwa huacha uchafu mwingine. Palipo na unga wa asidi ya sitriki, ule mweupe wa punje kama sukari unaotumika kwenye jamu na sharubati, kijiko kimoja cha mezani katika nusu lita ya maji ya vuguvugu hupata nguvu kuliko siki na hauna harufu. Ubaya wake ni mmoja: ukitiwa mwingi, ukapashwa moto sana au kuachwa usiku kucha, asidi hiyo hushikana na kalisiamu na kuacha unga mweupe mwingine usioyeyuka kwa urahisi. Anayeuona unga huo hudhani chokaa imeongezeka na huongeza dawa, naye huzidisha tatizo. Saa moja ni mwisho wake, kisha maji mengi ya kusuuza.

Kuna mchanganyiko unaopendwa sana ambao hauna faida iliyodhaniwa, nao ni siki pamoja na bikabonati ya soda. Povu lake ni kubwa na linatia moyo, lakini linatokana na vitu viwili hivyo kuuana nguvu. Kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi, yasiyoweza kuyeyusha chokaa wala kukata mafuta. Bikabonati hufaa peke yake, ikiwa uji mzito juu ya sponji, kwa doa la karoti au la binzari kwenye kioo, na siki hufaa peke yake baada ya bikabonati kusuuzwa ikaisha. Mchanganyiko mwingine ni wa hatari: siki au ndimu ikikutana na dawa ya madoa yenye klorini hutoa gesi ya klorini, inayounguza macho na mapafu. Viwili hivyo havipaswi kuwa kwenye bakuli moja wala kufuatana bila kusuuzwa kwa maji mengi katikati.

Visu vina sheria yake. Juu ni chuma cha pua, ambacho hustahimili siki kwa nusu saa bila shida. Chini ya sahani kuna mhimili unaozunguka ndani ya beringi yenye grisi, na humo maji hayatakiwi. Kwa hiyo visu havizamishwi vyote. Hugeuzwa makali yakitazama chini ndani ya bakuli dogo lenye siki iliyopunguzwa kwa maji, kina kikifika kwenye sahani tu, kwa dakika 15 hadi 20. Nyuzi za tangawizi au za embe zilizojisokota kwenye shingo ya mhimili hutolewa kwa kijiti cha meno. Dawa yenye klorini haipakwi kwenye visu, kwani hula chuma cha pua na kuacha vishimo vidogo vyeusi ambavyo baadaye hushika kutu. Baada ya kusuuzwa, visu huzungushwa kwa mkono kwa kushika upande wa chini. Vikizunguka laini, vizuri. Vikikwaruza, au mafuta meusi yakitokeza kwenye shingo ya mhimili, mpira mdogo wa ndani unaozuia maji umekwisha, na hilo ni suala la kununua visu vipya. Mafuta hayo huingia kwenye chakula.

Mpira wa kuzibia ndio unaostahili uangalifu kuliko vyote, na ndio unaosahauliwa kuliko vyote, kwa sababu hauonekani jagi likiwa limefungwa. Umebanwa mahali pasipofikiwa na hewa wala dodoki, na kila kinachosagwa hupenyeza chembe chini yake. Mwaka 2013 shirika la NSF International la Marekani lilichunguza vyombo vya jikoni katika nyumba za watu, na mpira wa blenda ulikuwa miongoni mwa vilivyokutwa na bakteria wa salmonela na E. koli, pamoja na hamira na kuvu. Jagi linaweza kung'aa kabisa ilhali chini ya mpira kuna ukoga wa wiki nzima.

Mpira mweupe au wa kuona kwa ndani mara nyingi ni silikoni, na ule mweusi ni mpira wa kawaida wa viwandani. Silikoni huvumilia siki na maji ya moto kuliko mwenzake mweusi, ambao ukiachwa ndani ya siki kutwa hukakamaa au kuvimba. Katika mfano wetu ni silikoni. Huoshwa kwanza kwa maji ya moto kiasi na sabuni, pande zote mbili, kwa mswaki unaofuata mduara badala ya kuukatisha. Kisha huzamishwa kwenye siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji kwa dakika 20, chokaa iliyo ukingoni ikafutwa kwa kidole, na mpira ukasuuzwa kabisa. Mweusi hupewa dakika 10 tu.

Vidoa vyeusi ni kuvu, na siki pekee haimalizi kuvu iliyokwisha jikita. Mpira ukishasuuzwa siki yote, huzamishwa kwenye lita 1 ya maji baridi yenye kijiko 1 cha chai cha dawa ya madoa ya klorini isiyo na manukato, kwa dakika 5, kisha husuuzwa mpaka harufu iishe. Baada ya hapo huenda vivuli vya vidoa vikabaki. Kivuli kisicho na utelezi wala harufu ni rangi tu iliyoingia kwenye mpira, na hakina madhara. Utelezi ukirudi baada ya siku mbili tatu, kuvu imeingia ndani ya nyufa na mpira huo umekwisha.

Namna ya kuujua mpira uliokwisha ni kuukunja juu ya kidole. Mzima hukunjika bila alama na hurudi duara mara moja. Uliochoka huonyesha nyufa nyembamba mahali pa mkunjo, hunata vidoleni, au hubaki bapa upande uliokuwa umebanwa. Mwingine hununuliwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vipuri vya vyombo vya umeme, kama yale ya Kariakoo, lakini kwenda na wa zamani mkononi ni lazima. Tofauti ya milimita moja ya unene haionekani kwa macho dukani, na nyumbani huvujisha juisi juu ya mota.

Jagi ambalo visu vyake havifunguki hutaka mbinu nyingine. Hatua ni zilezile, mafuta kisha chokaa, lakini zote hufanyika kutoka ndani. Nusu lita ya maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni huzungushwa kwa blenda kwa sekunde 30, kisha mswaki mrefu hupitishwa chini ya makali. Siki iliyopunguzwa hufuata, ikiachwa itulie nusu saa huku kifuniko kikiwa wazi ili kaboni dayoksaidi itoke. Kwa jagi kama hilo mpira hautaonekana kamwe, na ikiwa harufu inaendelea baada ya kazi yote hiyo, chanzo chake kiko huko.

Kabla ya kufunga, kila kipande kinatakiwa kiwe kikavu. Mfereji wa mpira hufutwa kwa kitambaa, kwani punje moja ya chokaa iliyobaki humo huuinua mpira upande mmoja. Mpira hulazwa ukae sawasawa mduara mzima, kitako hufungwa kwa nguvu ya mkono tu, na haifai kukaza zaidi ya hapo kwa kuwa mpira uliobanwa mno hubonyea na kuzeeka mapema. Kisha jagi hujazwa nusu lita ya maji na kuwekwa juu ya karatasi kavu kwa dakika 10, mbali na mota. Karatasi ikilowa, kosa huwa kwenye mkao wa mpira mara nyingi kuliko kwenye mpira wenyewe, na kulifungua jagi na kuupanga upya hutosha.

Chokaa hurudi, maana maji ni yaleyale. Kasi yake ndiyo inayoweza kupunguzwa. Jagi linalofutwa kwa kitambaa kikavu mara baada ya kusuuzwa halipati tone la kukaukia ndani, na hilo linafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote. Kuligeuza tu kichwa chini juu ya rafu hakutoshi, kwa sababu matone hujikusanya ukingoni na kuganda hapo. Palipo na pipa la maji ya mvua, suuzo la mwisho kwa maji hayo huacha jagi bila alama, kwani mvua haijapita kwenye mawe. Mpira uliotolewa na kukaushwa peke yake usiku, mara moja kwa wiki, hauoti kuvu. Kwa nyumba ya maji ya kisima inayotumia blenda kila siku, siki kidogo kila baada ya wiki mbili huyeyusha ukungu ukiwa bado mwembamba, kazi ya dakika 15. Ukiachwa miezi, huwa ganda la saa mbili.